Tarehe 7/11 ni Lini?

Saba Saba na Nane Nane hazina mgogoro na mtu. Mgeni kutoka Marekani akiona 7/7 kwenye bango la maonyesho ya biashara Dar es Salaam ataisoma Julai 7. Muuza juisi wa Temeke ataisoma tarehe saba mwezi wa saba, na wote wawili watakutana getini siku hiyohiyo. Nane Nane ni hivyohivyo, na Wakenya nao wana Jamhuri yao ya 12/12. Ukitoka kwenye siku hizi pacha, mambo yanageuka. Uhuru wa Tanganyika, 9/12/1961, kwa jicho la Mmarekani ulipatikana Septemba 12. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/1/1964, yanahamia Desemba 1, maana yake yamefanyika miezi saba baada ya Muungano. Muungano wenyewe umenusurika kwa bahati tu: ni 26/4, na mwezi wa 26 haupo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila mwezi una siku 12 za mwanzo ambazo namba zake zinaweza kuwa za mwezi pia. Kati ya hizo, moja ni pacha, kama 7/7, haina madhara. Zinabaki 11 kila mwezi, mara miezi 12, jumla 132. Zaidi ya theluthi ya mwaka, basi, ikiandikwa kwa namba na mikwaju tu, inasomeka kwa njia mbili, na zote mbili ni tarehe halali kabisa.

Laiti tarehe zote zingekuwa tata, watu wangejihadhari. Kinachowaponza ni kwamba nyingi haziko hivyo. Mtu wa Arusha anaweza kuandikiana na wakala wa Chicago wiki mbili nzima kuhusu tarehe 14, 19 na 27, kila kitu kikaenda sawa, kwa sababu namba inayozidi 12 inajitaja yenyewe kuwa ni siku. Kisha mwezi unapinduka, inakuja tarehe 5, na hakuna anayeshtuka. Mazoea hayo yana faida moja, hata hivyo. Ukipata tarehe yenye utata, rudi kwenye ujumbe wa zamani wa mtu huyohuyo utafute namba inayozidi 12. Akiwa aliwahi kuandika 6/25, umekwisha kumjua: anaanza na mwezi. Akiwa aliandika 25/6, ni mwenzako. Kwa ujumbe wa WhatsApp uliokwisha kufika, sijui njia ya haraka kuliko hiyo.

Kwa nini Mmarekani aanze na mwezi? Kwa kuwa anaandika anavyotamka. Mdomoni mwake mwezi unatangulia, siku inafuata, na mwaka unakuja mwisho kama nyongeza. Waingereza wa karne ya 18 walitumia mipangilio yote miwili, na Azimio la Uhuru wa Marekani lilichapishwa Philadelphia likiwa na tarehe iliyoanza na Julai, kisha 4, kisha 1776. Wamarekani waliubakiza mtindo huo. Waingereza polepole waliegemea upande wa siku kwanza, na ndio tulioupokea sisi shuleni na ofisini. Kwa majirani zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda, Wabelgiji waliacha utaratibu huohuo wa siku kwanza, kwa hiyo ndani ya eneo letu barua ya serikali inavuka mpaka bila tarehe yake kubadilika maana.

Hata hivyo tusijisifu kwamba sisi tuna desturi moja. Fungua gazeti lolote la Kiswahili la Dar es Salaam. Utakuta habari imeandikwa kwamba mkutano ulifanyika “Januari 12, 2026”, mwezi mbele, kama Marekani. Mwandishi huyohuyo akijaza fomu ya likizo ataandika 12/1/2026. Akimwambia mkewe atasema tarehe kumi na mbili mwezi wa kwanza. Mashambulizi ya New York ya mwaka 2001 redio zetu zimeyaita Septemba 11 tangu mwanzo. Kwa hiyo mtu mmoja ana mpangilio mmoja wa gazetini na mwingine wa fomu, na haumsumbui, kwa sababu jina la mwezi likishaandikwa mpangilio haujalishi tena. Tatizo linazaliwa pale mtu anapotafsiri “Julai 11” ya gazetini kwenda kwenye namba kwa haraka, neno kwa neno, akaandika 7/11. Mkono umefuata jicho. Hapo Mswahili ameandika tarehe ya Kimarekani bila kuwa na ndugu hata mmoja huko.

Ukisikiliza Kiswahili kinachosemwa, lakini, utagundua kwamba hakina utata huu, ingawa miezi tunaitaja kwa namba kuliko watu wengi duniani. Mwingereza husema jina la mwezi. Sisi, hasa nje ya ofisi, tunasema mwezi wa tatu, mwezi wa nane. Tungetarajia kuchanganyikiwa kila siku: namba mbili mfululizo, zote ndogo. Hatuchanganyikiwi kwa kuwa kila namba inakuja na kibandiko chake. Mbele ya ile ya kwanza kuna “tarehe”, mbele ya ile ya pili kuna “mwezi wa”. Geuza mpangilio, sema “mwezi wa tatu, tarehe tano”, na maana inabaki palepale. Mkwaju ndio unaobandua vibandiko hivyo na kutuachia namba zikiwa uchi.

Wachina wako katika hali kama yetu. Kwao pia miezi ni namba: mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi na mbili. Lakini katika maandishi hawakuviacha vibandiko. Huandika 3月5日, alama ya mwezi ikiwa imeshikamana na 3 na alama ya siku imeshikamana na 5. Wajapani huandika vivyo hivyo. Mwaka ukiwepo unatangulia: 2026年3月5日, kutoka kikubwa kwenda kidogo. Mfanyabiashara wa Kariakoo asiyejua neno hata moja la Kichina anaweza kujifunza alama hizo tatu kwa dakika moja, na zitamfaa kwenye risiti na karatasi za mizigo.

Penye mtego ni pale mwandishi wa Guangzhou anapoamua kumrahisishia mteja wake wa Afrika, akaacha alama zake, akaacha na mwaka, akaandika kwamba kontena litapakiwa 3/5. Mpangilio wa mwaka-mwezi-siku ukikatwa kichwa unabaki mwezi-siku. Bila kukusudia, Mchina ameandika kama Mmarekani. Ni Machi 5, na mteja anayesubiri tarehe 3 mwezi wa tano amechelewa kwa karibu miezi miwili kupeleka malipo. Wahungari, ambao nao huanza na mwaka, wako kwenye kundi hilohilo. Ndiyo maana mimi siukubali ule mgawanyo wa mitaani unaosema dunia nzima iko upande mmoja na Marekani peke yake upande mwingine. Mwaka ukiondolewa, upande wa mwezi kwanza una watu wengi sana.

Kwa Waarabu jambo linapendeza zaidi, na kwa mtu mwenye ndugu Muscat au Dubai ni vizuri alijue. Mwarabu hutanguliza siku kama sisi, ila anaanzia kulia. Kwa kalamu huweka siku mkono wa kulia, mkwaju, mwezi, mkwaju, kisha mwaka kushoto kabisa. Tarehe 11 mwezi wa saba inakaa karatasini hivi: ٢٠٢٦/٧/١١. Anayesoma kutoka kushoto, akishazijua tarakimu zenyewe, anaona 2026, 7, 11, mpangilio wa Kichina, na anaipata tarehe sahihi japo ameingilia mlango wa nyuma. Njia mbili zilizo kinyume kabisa zimefika mahali pamoja. Uondoe mwaka sasa. Inabaki ٧/١١, na siku bado iko kulia. Mzanzibari anayeisoma kutoka kushoto kwa mazoea ya shule ataiita tarehe 7 mwezi wa 11. Mmarekani asiyejua lolote kuhusu Uarabuni ataiita Julai 11, naye ndiye atakayepatia. Kwenye simu na kompyuta hali ni mbaya zaidi, kwa sababu programu huamua yenyewe namba zikae upande gani ikifuata lugha ya sentensi na alama iliyotumika, mkwaju au kistari. Tarehe ileile ikinakiliwa kutoka kwenye sentensi ya Kiarabu kwenda kwenye ya Kiswahili inaweza kujipindua.

Pwani yetu, kabla ya haya yote, ilikuwa na hesabu yake ya miezi ya Kiislamu, na yenyewe ina funzo linalohusu mada hii. Wazee walihesabu kuanzia mwisho wa Ramadhani: Mfunguo Mosi ni Shawali, Mfunguo Tatu ni mwezi wa Hija, Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi. Katika kalenda ya Hijria inayoanzia Muharamu, mwezi wa Maulidi ni wa tatu na wa Hija ni wa kumi na mbili. Kwa hiyo 12/3 ya kalenda hiyo ya Hijria na tarehe 12 Mfunguo Sita ni siku moja. Mpangilio ni uleule, siku mbele, na bado namba ya mwezi inategemea aliyeandika ameanza kuhesabu wapi. Wazee hawakukosana kwa sababu hawakuandika 12/6. Waliandika Mfunguo Sita.

Tuje kwenye miadi yenyewe, tuifuate mmoja mpaka mwisho. Chukua familia ya Tanga yenye kijana anayeishi Houston. Inapangwa posa, na kikao cha wazee wa pande zote kitafanyika kwa Zoom ili kijana awepo. Yeye ndiye mwenye kutengeneza mwaliko. Anajua kidogo kuhusu utata wa tarehe, kwa hiyo anajihami kwa kuongeza siku ya wiki. Anaandika: “Jumamosi 7/11/2026, saa 10 asubuhi ya huku.” Amekusudia Julai 11.

Tanga, mjomba anayeratibu upande wa wazee anasoma tarehe 7 mwezi wa 11. Ni mtu makini, anatazama kalenda ya ukutani ya benki. Novemba 7, 2026 ni Jumamosi. Siku imelingana na tarehe, amani. Anawaarifu wazee. Julai 11 inapita, kijana amekaa mbele ya kompyuta peke yake, na simu za Tanga hazipokelewi kwa kuwa kila mtu yuko shambani au harusini.

Ulinzi wa siku ya wiki umeshindwa kwa sababu inayoweza kukokotolewa. Julai 11 na Novemba 7 zimepishana siku 119, ambazo ni wiki 17 kamili. Kwa hiyo kila mwaka, uwe mfupi au mrefu, tarehe hizo mbili huangukia siku moja ya wiki. Ndivyo ilivyo pia kwa Mei 9 na Septemba 5, na kwa Machi 12 na Desemba 3. Hizo ni jozi tatu za kudumu. Katika miaka ya kawaida, kama 2026, zinaongezeka nyingine tatu: Januari 7 na Julai 1, Januari 11 na Novemba 1, Februari 8 na Agosti 2. Mwaka mrefu una tatu zake tofauti. Jozi zote zinazoweza kugeuzana ni 66, kwa hiyo siku ya wiki inagundua kosa katika 60 na kushindwa katika sita. Si ulinzi wa kudharau. Mtu akiandika “Ijumaa 3/4/2026” msomaji mwenye kalenda atajua papo hapo kuwa ni Aprili 3, kwa kuwa Machi 4 ya mwaka huo ni Jumatano. Ila anayeutegemea peke yake ajue kwamba una matundu sita, na kwamba Julai 1, siku ya uhuru wa Rwanda na Burundi, imo katika tundu mojawapo mwaka huu wa 2026.

Kosa la tarehe, tena, halikai peke yake. Mwaliko ulisema saa 10 asubuhi, na kwa maisha ya Marekani hiyo ni saa nne asubuhi kwa hesabu yetu. Mjomba huenda ameielewa hivyo kwa sababu ya lile neno “ya huku”. Baada ya hapo anajumlisha tofauti ya majira. Julai Houston iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo kikao ni saa kumi na mbili jioni Tanga. Lakini Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambayo mwaka 2026 ni Novemba 1, Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, na tofauti inakuwa tisa. Mjomba aliyekokotoa kwa Novemba amepata saa moja usiku. Siku watakapogundua kosa la mwezi na kusogeza kikao, saa nayo itakuwa imehama bila mtu kuigusa.

Serikali zenyewe zinaujua utata huu, na ukitazama karatasi zao utaona zinavyojificha. Fomu za uhamiaji zinazojazwa ndani ya Marekani huandika chini ya kisanduku mm/dd/yyyy, mwezi kwanza, na mhamiaji mpya kutoka Kigoma ndiye anayetakiwa kubadilika. Lakini viza ya Marekani, ambayo itasomwa na maofisa wa kila kiwanja cha ndege, huandikwa kwa mtindo wa 11JUL2026, siku kwanza na mwezi kwa herufi. Pasipoti yao ni hivyohivyo, na jeshi lao pia. Serikali hiyohiyo, ikiandikia wa nyumbani inaanza na mwezi, na ikiandikia wageni inaacha desturi yake. Kwangu huo ni ushahidi mzuri kuliko hoja yoyote: anayejua kwamba msomaji wake si wa kwao hatumii namba tupu.

Kanada ilitakiwa kuzungumza na wasomaji wa Kiingereza na Kifaransa kwenye kifurushi kimoja cha chakula. Ikabuni herufi mbili mbili za miezi zinazokubalika katika lugha zote mbili, zikiwekwa kati ya mwaka na siku: JA, FE, MR, AL, MA, JN, JL na kuendelea. Ni ufumbuzi wa akili, na kwa Mkongomani au Mrundi aliyehamia Montreal una shimo lake. MA anaweza kudhani ni Machi. La hasha, Machi ni MR. MA ni Mei, kwa sababu ndizo herufi ambazo jina la mwezi huo limeanza nazo katika Kiingereza na Kifaransa vilevile, wakati yetu inaanza na Me.

Shirika la kimataifa la viwango lilikwenda njia nyingine. Mwaka 1988 lilitoa kiwango kinachoitwa ISO 8601, kinachotaka mwaka kwa tarakimu nne, mwezi kwa mbili na siku kwa mbili, vikitenganishwa na vistari: 2026-07-11. Nguvu yake iko kwenye mwaka wa mbele wenye tarakimu nne, kwa kuwa hakuna desturi iliyoenea inayoanza na mwaka kisha ikaweka siku katikati. Nguvu nyingine ni kwamba majalada yakipangwa kwa mfuatano wa kawaida yanajipanga pia kwa tarehe. Watanzania wanautembeza mpangilio huu mfukoni pasipo kuuita jina: tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Udhaifu wake ni mdomo. Kwetu hakuna anayesema hivyo, wala mama anayeandikiwa 2026-07-11 kwenye kadi ya kliniki hajazoea kuanza kusoma na mwaka. Ni mpangilio wa makabati na mashine, na huko unafanya kazi vizuri.

Mashine zikiachiwa desturi nyingine, zinaharibu kimyakimya. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu hufika zikiwa na mipangilio ya Kiingereza cha Marekani, na mnunuzi hana sababu ya kuigusa. Karani wa zahanati anafungua Excel na kuandika tarehe za kurudi za wagonjwa wa Agosti 2026: 1/8/2026, 2/8/2026, mpaka 31/8/2026. Programu inasoma kwa Kimarekani. Ya kwanza inaihifadhi kama Januari 8, ya pili Februari 8, ya tatu Machi 8, mpaka 12/8 inayokuwa Desemba 8. Ni 8/8 tu iliyopona. Ikifika 13/8 inagoma, kwa kuwa mwezi wa 13 haupo, lakini haipigi kelele: inaiacha kama maandishi ya kawaida.

Dalili ziko mbili. Kwanza, kwenye safu hiyohiyo tarehe nyingine zimeegemea kulia mwa kisanduku na nyingine kushoto. Zilizo kulia programu imezielewa kama tarehe, na zilizo kushoto kwake ni maneno tu. Pili, ukizipanga kwa mfuatano unaona zahanati ambayo ina wagonjwa tarehe 8 ya kila mwezi wa mwaka, halafu rundo la Agosti mwishoni. Hakuna kliniki inayoendeshwa hivyo.

Karani akiliona, jambo la kwanza atakalojaribu ni kubadili muonekano wa safu uwe siku kwanza. Hapo anazidi kuzama. Tarehe iliyohifadhiwa kama Machi 8 sasa itaandikwa 08/03/2026, safi na ya kuaminika, na bado ni Machi. Zinazotakiwa kugeuzwa ni zile zilizoegemea kulia tu, kwa kubadilishana siku na mwezi ndani ya thamani yenyewe. Kwa tarehe iliyo kwenye A2:

```
=DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2))
```

Zilizoegemea kushoto hazijaharibika, hivyo zisipitishwe kwenye fomula hii. Zitageuzwa kuwa tarehe kwa amri ya Text to Columns, ukichagua DMY katika hatua ya mwisho. Na kama faili limeshapita kwenye kompyuta mbili zenye mipangilio tofauti, kila karani akiongeza mistari yake, zilizo kulia zitakuwa mchanganyiko wa nzuri na mbovu, wala hakuna fomula ya kuzitenga. Hapo ni kurudi kwenye daftari la karatasi.

Kijana wa Houston, basi, angeandikaje? Jina la mwezi lingetosha kwa Mmarekani, na kwa Mswahili mwenye kusoma magazeti. Kwa mzee wa kijijini ningeongeza namba pamoja na kibandiko chake, kwa sababu wapo wanaoujua mwezi wa saba vizuri kuliko Julai, na kwenye simu yenye mtandao mbovu Juni na Julai zinasikika karibu sawa, wakati wa sita na wa saba hazifanani hata kidogo. Saa ningeitaja kwa hesabu ya msomaji: “Jumamosi, tarehe 11 Julai (mwezi wa saba) 2026, saa kumi na mbili jioni ya Tanga.” Ni ndefu kuliko 7/11. Urefu huo hauachi kitu cha kukisia.

Na ningeongeza kipimo kimoja ambacho wauguzi wa kliniki za mama na mtoto hukitumia kila siku: umbali kutoka leo. Muuguzi akishaandika tarehe ya kurudi humwambia mama, “Ni baada ya wiki nne.” Mama huyo hata akiikosea tarehe ya kwenye kadi, wiki nne anazijua. Siku ya wiki ina matundu sita, lakini umbali unaziba hata hayo: kwa mwaliko ulioandikwa Juni 20, Julai 11 ni wiki tatu mbele na Novemba 7 ni wiki 20. Mjomba akisoma “wiki tatu kutoka leo” pembeni mwa 7/11 atapiga simu Houston usiku huohuo.